Shajara ya mradi: Kutoka picha ya karatasi ya saa hadi mshahara wa wiki, saiti ya ghala, Malaba

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Leo jioni mafundi wawili wamenirudia na bahasha zao mkononi. Kila mmoja alikuwa amehesabu saa zake kichwani tangu Jumatatu, na kila mmoja alidai kukatwa. Nilikaa nao juu ya mbao tukapitia karatasi siku kwa siku. Walikuwa na haki, wote wawili. Nimewalipa tofauti kabla hawajaondoka, lakini jambo hili limeniuma, kwa sababu hesabu ile niliifanya mimi kwa kalkuleta, usiku, nikisoma picha kwenye simu.

Ndiyo maana naanza shajara hii. Saiti yetu ina watu 14: mafundi 4 na vibarua 10, wengine wa upande huu wa mpaka, wengine wanavuka asubuhi na kurudi jioni, na wote wanaelewana kwa Kiswahili. Nyapara anaandika kwa mkono saa ya kuingia na ya kutoka, kisha Jumamosi anapiga picha karatasi na kunitumia. Mimi ndiye natoa hesabu. Nataka njia moja ambayo mtu yeyote akiichukua ile picha na kanuni za malipo atafika kwenye shilingi zilezile nilizofika mimi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Kabla ya kugusa kompyuta nimemwomba bosi kanuni kwa maandishi. Alichonipa mwanzo kilikuwa ni sentensi tatu tu: kibarua 16,000 kwa siku, fundi 32,000, ovataimu mara moja na nusu, sikukuu mara mbili. Zinasomeka wazi, lakini ukikaa na karatasi halisi zinaacha mapengo. Nimempigia simu tena na tena leo, na sasa yameandikwa haya, na yeye ametia sahihi:

Siku ni saa 8 za kazi. Kwa hiyo saa moja ya kibarua ni 2,000 na ya fundi ni 4,000. Chakula ni saa moja, kuanzia saa 7 hadi saa 8 mchana, na hailipwi. Kinachozidi saa 8 katika siku ile kinalipwa mara 1.5, hata kama mtu alikosa siku nyingine katika wiki hiyo. Siku ya mapumziko ya taifa, kila saa iliyofanywa ni mara 2, na hapo ovataimu haiongezwi juu yake. Dakika zinahesabiwa kwa robo saa iliyo karibu.

Hilo la "katika siku ile" ndilo lililochukua muda mrefu kwenye simu. Bosi alidhani ovataimu inaanza mtu akipita saa 48 kwa wiki. Nikamwambia, bosi, karatasi uliyowasomea watu siku ya kuwaajiri inasema "zaidi ya saa 8 kwa siku", na ndicho walichokubali. Akanyamaza kidogo, akasema andika hivyo. Viwango vyenyewe havikuwa na ubishi, kwani Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inataka ovataimu isiwe chini ya mara 1.5 siku ya kawaida na mara 2 siku ya mapumziko ya taifa. Alhamisi hii ni tarehe 9, siku ya Uhuru, kwa hiyo kanuni ya mara mbili itatumika wiki hiihii.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeanza jedwali kwenye Excel, mstari mmoja kwa kila mtu kwa kila siku. Safu A ni saa ya kuingia na B ni saa ya kutoka, nikiziandika vilevile zilivyo kwenye karatasi.

Shida ya kwanza ilijitokeza kabla sijamaliza watu watatu. Nyapara anaandika saa ya Kiswahili, kama sisi sote tunavyosema. Anayeingia saa 2:00 asubuhi na kutoka saa 11:00 jioni amekaa saa 9, na hapo kutoa ni rahisi. Lakini anayetoka saa 1:30 usiku? Ukitoa 2:00 kutoka 1:30 unapata hasi nusu saa. Nilianza kugeuza kila kitu kuwa saa ya Kizungu ya tarakimu 24, na baada ya mistari kumi nikaona kugeuza kwenyewe kunaniletea makosa mapya.

Nikageuka. Saa ya Kiswahili inafaa zaidi kwa kazi hii kuliko ile nyingine, kwa sababu inahesabu tangu alfajiri. Ukiiacha iendelee, saa 1 usiku ni ya 13, saa 1:30 ni 13.5. Kwa hiyo namwongezea mtu muda wake juu ya saa aliyoingia, na muda huo napata kwa baki la kugawa kwa 12:

```
C2: =IF(A2>=1,"NUKTA",ROUND(A2*96,0)/4)
D2: =IF(B2>=1,"NUKTA",ROUND(B2*96,0)/4)
E2: =MOD(C2,12)+MOD(D2-C2,12)
F2: =MAX(0,MIN(E2,8)-MAX(MOD(C2,12),7))
G2: =E2-MOD(C2,12)-F2
```

C na D zinageuza saa kuwa desimali na kuikaribisha kwenye robo. Siku nzima ina robo 96, ndiyo maana ya namba hiyo. Aliyeingia 2:07 anahesabiwa saa 2 kamili, wa 2:08 anahesabiwa 2 na robo. E ni saa ya kutoka iliyohesabiwa tangu alfajiri, F ni chakula, G ni saa za kulipwa.

Neno "NUKTA" nimeliweka kwa sababu ya kosa lililowapunja wale mafundi wawili. Nyapara anaandika 10.30 akimaanisha saa kumi na dakika thelathini. Kalkuleta inasoma kumi na sehemu tatu za kumi. Saa 10 na nusu inakuwa 10.3, na kila mara mtu anapoteza dakika 12. Kwa fundi, kwa kiwango cha ovataimu, dakika hizo ni 1,200. Sasa nikiandika kwa nukta badala ya nukta mbili, kisanduku kinapiga kelele.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo wamemwaga zege la sakafu, na zege likishaanza huliachi nusu. Wamemaliza usiku. Nyapara amenitumia ujumbe: "Dada karani, leo watu wangu wamechelewa sana, usiwasahau." Nimemjibu, mzee, karatasi ikiandika, mimi sitasahau.

Nimeweka alama pembeni kwa wote waliopita saa 10 za kazi, kwa sababu sheria inaweka kikomo cha saa 10 kwa siku na 56 kwa wiki. Malipo yao hayabadiliki, ila bosi anapaswa kuiona alama hiyo kabla hajapanga siku nyingine ya zege.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku ya Uhuru. Watu 6 wamekuja kumwagilia zege lisipasuke, wakaondoka saa 7 mchana.

Hawa 6 wamenionyesha kwa nini fomula ya chakula lazima iwe kama ilivyo. Katika jedwali langu la kwanza nilikuwa natoa saa moja kwa kila mtu kila siku. Aliyekaa saa 2 hadi saa 7 angeandikiwa saa 4, ilhali hakula wala hakupumzika; chakula kinaanza saa aliyoondokea. Kwa kibarua, siku ya mara mbili, hiyo ni 4,000 imepotea. F inatazama ni kiasi gani cha kukaa kwake kimeangukia kati ya saa 7 na saa 8, na kwa hawa inatoa sifuri. Mtu akiondoka saa 7:30 inatoa nusu saa.

Jumapili, 12 Oktoba

Picha ya wiki imefika jana usiku. Nimeifanyia kazi tangu baada ya kanisa hadi sasa, na nataka kuandika siku hii polepole.

Picha ya kwanza haikufaa. Karatasi ilikuwa juu ya mfuko wa simenti, kivuli cha mkono wa nyapara kikaangukia siku ya Jumatano, na mstari wa 14 ulikatwa. Isitoshe, WhatsApp huibana picha, na tarakimu za kalamu zinafumbana. Nimemwomba apige tena nje, asimame jua likiwa ubavuni, pembe zote nne zionekane, kisha aitume kama "Document". Ya pili naikuza hadi naona mahali kalamu ilipobonyea.

Nikaanza na Jumatano. Mstari wa 7, kibarua, umeandikwa 2:00, na kutoka ni 1:30 au 7:30. Tarakimu ya 1 ya nyapara ina mkia mdogo juu, na 7 yake haina kistari katikati. Kwa jicho peke yake siwezi kuapa. Saa 7:30 ni mchana, na fomula ingempa saa 5 za kazi, yaani 10,000. Saa 1:30 ni usiku, inampa saa 10 na nusu. Nimetafuta tarakimu ya 7 isiyo na shaka mahali pengine kwenye karatasi, nikaipata Alhamisi, kwa wale 6 walioondoka saa 7. Mguu wa hiyo 7 umelala kuelekea kushoto. Ile ya Jumatano imesimama wima. Halafu kuna zege lenyewe: mstari mzima wa watu wa koleo umeandikwa hivyohivyo, na hakuna aliyeacha zege saa 7 na nusu mchana. Ni 1:30.

Hapa nikagundua jambo ambalo nadhani kila anayesoma karatasi za aina hii atakutana nalo. Saa ya Kiswahili na ya Kizungu zinatofautiana kwa 6, kwa hiyo 1 ni jozi ya 7. Mtu aliyetoka saa 1:30 usiku, anayesoma saa ya Kizungu angemwandika 7:30. Tarakimu mbili zinazofanana zaidi kwa mwandiko ndizo hizohizo zinazobadilishana kwa saa. Kwa hiyo swali la "hii ni 1 au 7?" halitoshi. Lazima uulize pia "aliyeandika alikuwa anatazama saa gani?"

Na swali hilo ndilo lililonikamata Jumamosi.

Jumla ya saa za Jumamosi ilitoka ndogo mno. Watu 13 wameandikwa 2:00 hadi 5:00, na mmoja tu, mstari wa 12, 2:00 hadi 11:00. Fomula ikasoma kama inavyosoma kila siku: 13 wamefanya saa 3 na kuondoka saa 5 asubuhi, mmoja amebaki hadi jioni na kupata saa 8. Hakuna alama ya kosa popote. Kila kisanduku kina namba nzuri.

Nikakuza picha. Safu ya kuingia imeandikwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa nyapara. Safu ya kutoka ni kalamu nyeusi, na herufi zimelala. Nikampigia simu.

"Mzee, jana nani aliandika saa za kutoka?"

"Nilikwenda kununua misumari na nondo, dada. Nilimwachia msaidizi wangu."

"Yeye anatazama saa gani?"

"Ya simu."

Kwa hiyo safu moja ni ya Kiswahili na nyingine ni ya Kizungu. Wale 13 walitoka saa 5:00 ya simu, yaani saa 11 jioni. Na wa mstari wa 12 alitoka saa 11:00 ya simu, yaani saa 5 asubuhi. Jedwali lilikuwa limesoma kila mtu kinyume: lililipa siku nzima yule aliyewahi kuondoka, na kuwakata waliobaki hadi mwisho.

Sikutaka kuishia kwenye maneno ya simu, maana nyapara mwenyewe hakuwepo. Nikamtafuta mama anayetupikia posho na maharage. Yeye analipwa kwa sahani, hivyo ana daftari lake la sahani za kila siku. Jumamosi: sahani 13. Nikamuuliza ni nani hakula. Akanijibu bila kufikiri kwamba kijana mmoja aliomba ruhusa asubuhi kwenda kwenye mazishi kwao. Ni wa mstari wa 12.

Nimepiga hesabu ya kosa hilo kama lingepita. Wale 13 wote waliingia saa 2, na kila mmoja angekosa saa 5. Mafundi 4 wangekosa 20,000 kila mmoja, jumla 80,000. Vibarua 9 wangekosa 10,000 kila mmoja, jumla 90,000. Ni 170,000 kwa siku moja, kwa sababu ya simu iliyowekwa saa tofauti na kichwa cha nyapara. Na yule wa mazishi angezidishiwa 10,000 ambazo wiki ijayo ningelazimika kumdai.

Nimeongeza safu ya idadi ya sahani kwenye jedwali. Waliokuwepo kati ya saa 7 na saa 8 kwa karatasi lazima walingane na sahani za mama. Zisipolingana, silipi siku hiyo mpaka nijue kwa nini. Alhamisi hakupika, kwa hiyo siku hiyo nategemea karatasi peke yake, na hilo ni pengo.

Sasa mstari wa 7 wote, kama nilivyoukamilisha, kwa fomula hii, ambapo H ina "SK" siku ya mapumziko ya taifa na J ni ujira wa siku:

```
K2: =IF(H2="SK",G2*2,MIN(G2,8)+MAX(0,G2-8)*1.5)*J2/8
```

Jumatatu 2:00 hadi 12:00, kukaa saa 10, kutoa chakula saa 9: nane za kawaida na moja ya ovataimu, 19,000. Jumanne 2:00 hadi 11:00, saa 8, 16,000. Jumatano ya zege, saa 10 na nusu: nane za kawaida ni 16,000, mbili na nusu kwa 3,000 ni 7,500, jumla 23,500. Alhamisi saa 5 kwa 4,000, ni 20,000. Ijumaa alichelewa, 2:30 hadi 11:00, saa 7 na nusu, 15,000. Jumamosi saa 8, 16,000. Wiki yake ni 109,500.

Nikajumlisha saa zake zote: 48 kamili. Nimeitazama namba hiyo kwa muda. Kama tungeshika wazo la bosi la mwanzo, la kusubiri mtu apite saa 48 kwa wiki, kijana huyu aliyefanya zege hadi saa 1 na nusu usiku asingepata ovataimu hata ya dakika moja, kwa sababu Alhamisi alifanya saa 5 tu na Ijumaa alichelewa nusu saa. Angepata 106,000. Tofauti ni 3,500. Ni nyongeza ya zile saa tatu na nusu, ambazo zingelipwa kama saa za kawaida.

Jumatatu, 13 Oktoba

Tumelipa. Kila bahasha leo ina kipande cha karatasi chenye siku, saa ya kuingia, ya kutoka, saa za kawaida, za ovataimu na za sikukuu, kisha pesa. Nimeziandika kwa saa ya Kiswahili ili mtu alinganishe na kumbukumbu yake bila kugeuza kitu. Adivansi imeandikwa chini, peke yake, baada ya jumla, ili ionekane kwamba ni deni na si kupungua kwa saa.

Wa mstari wa 12 alisoma kipande chake, akaona saa 3 za Jumamosi, akatikisa kichwa akasema ni kweli. Fundi mmoja alisimama pembeni akihesabu kwa vidole, akarudi. Nikajua ana la kusema. Ijumaa kwake niliandika kutoka 11:00, naye anadai 11:30, alibaki kupanga mbao. Tukafungua picha pamoja, tukaikuza. Kuna alama mbili ndogo za "kama juu" chini ya 11:00 ya mwenzake, na mbele yake kuna 30 iliyofifia ambayo niliidhani ni doa la simenti. Nimemlipa nusu saa yake kwa kiwango cha ovataimu, 3,000, na kumwomba nyapara aache kutumia alama za "kama juu". Saa ya kila mtu iandikwe kwake.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimechapisha karatasi mpya ya saa. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: SAA YA KISWAHILI. Pamoja na nafasi ya kuandika saa, upande wa kutoka una vijisanduku vitatu: mchana, jioni, usiku, na mwandishi anatia alama. Kwa hiyo 1:30 yenye alama ya usiku haiwezi tena kuwa 7:30 ya mchana, na 5:00 yenye alama ya jioni inanistua palepale, kwa kuwa saa 5 ya Kiswahili haina jioni. Mstari wa mwisho ni wa jina la aliyeandika saa za kutoka.

Wiki hii picha imesomeka kwa dakika 40, na sahani zimelingana siku zote sita.

Limebaki moja. Kuanzia Jumatatu bosi anaweka askari wa usiku, saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Nimejaribu kuandika 12:00 na 12:00 kwenye jedwali, G imetoa sifuri, kwa sababu baki la kugawa 12 kwa 12 ni sifuri. Fomula yangu haioni zamu ya saa 12 wala inayozidi hapo, na saa ya chakula ya mchana haimhusu. Isitoshe, zamu hiyo inapita zile saa 10 za sheria kila usiku. Kesho nampigia bosi simu kuhusu zamu yenyewe kwanza, kabla sijamtengenezea askari jedwali lake.